Mji mpya, hakuna anakujua: anza na kiatu cha mtu

Kila wiki napata meseji ya aina moja. Mtu amehamia Nakuru, ama Eldoret, ama ametoka ushago na sasa ako Nairobi kwa binamu yake, na swali ni lile lile: nianzishe biashara gani? Halafu nikiangalia majibu ambayo watu wengine hupewa huku mtandaoni, naona ni orodha tu. Uza smokie. Uza mitumba kwa peji. Tengeneza simu. Anza na ngiri tano. Hakuna mtu anauliza kitu cha kwanza kabisa, yaani: kwa hiyo biashara, kati ya wewe na mteja, nani anatoa chake kwanza?

Hilo ndilo swali langu leo. Ukiwa mtaa wa kwenu huwezi kuliona, kwa sababu kila mtu anajua mama yako, anajua ulisomea wapi, na ukimkosea anajua mlango wa kugonga. Hiyo ndiyo dhamana yako hata kama mfukoni huna kitu. Ukihama mji, dhamana yote inabaki nyuma. Unaweza kuwa msee mwaminifu kuliko wote kwenye ile ploti na bado uonekane kama mtu aliyekuja kuiba gesi.

Sasa chukua zile biashara za kwenye orodha uzipime na hilo swali. Ukiuza nguo kwa peji, mteja anatuma pesa halafu anangoja mzigo. Yeye ndiye anatoa kwanza, na anakutolea wewe ambaye hajawahi kukuona. Nani atafanya hivyo? Wachache, na wengi wao wameshaliwa na peji nyingine, kwa hiyo watakusumbua na maswali siku nzima halafu wasinunue. Kutengeneza simu ni mbaya zaidi. Simu ya mtu ina pesa zake, picha zake na siri zake. Hakuna mtu atakuachia simu kwa sababu una bisibisi.

Upande wa pili kuna mayai boilo na smokie. Hapa mteja hatoi kitu kabla hajaona. Yai liko mbele yake, kachumbari iko mbele yake, anakula, analipa, anaenda. Haitaji kukuamini hata kidogo, na ndiyo maana watu wengi wanaoingia mjini wanaanzia hapo. Siidharau, watu wanasomesha watoto nayo. Lakini ina shida yake ambayo haisemwi: mteja akila yai lako mara ishirini, bado hajui jina lako. Siku ukikosa anakula la jirani yako hatua tatu mbele. Ile kazi haiombi imani, kwa hiyo haijengi imani. Na bado unahitaji mahali pa kusimama, na mahali pazuri pote pana mtu tayari, na kanjo anajua saa zako kukuliko.

Maoni yangu, na nitayatetea, ni kwamba mgeni anatakiwa kutafuta kazi ya katikati. Kitu ambacho mteja anakuachia, kwa hiyo lazima akuamini kidogo, lakini kiwe kitu ambacho kikipotea hatalia. Ukikirudisha kizuri na kwa wakati, anakukumbuka kwa jina. Mimi nikitafuta mfano bora wa hiyo katikati, naishia kwa kufua raba. Viatu vya watu. Kwenye ploti ya vijana kila mlango una pea tatu nne chini ya kitanda, na mwenye viatu anavaa vile vichafu kwa sababu anachukia kuvifua.

Nitakupa kesi ya jirani yangu, kijana aliyehamia Nakuru kutoka Kisii akafikia Section 58 bila kujua mtu yeyote isipokuwa yule aliyemkodishia nusu ya chumba. Sitataja jina lake, hajaniomba umaarufu. Nilimwona akianza na nimemwona akifika alipo, na hesabu alinionyesha kwa kitabu chake mwenyewe.

Mtaji wake ulikuwa ngiri moja kamili. Brashi mbili, moja ngumu na moja laini, mia na hamsini. Karai mia mbili. Sabuni ya maji lita moja mia na ishirini. Kolgeti mia. Brashi za meno mbili hamsini. Taulo mbili za mitumba mia. Tishu nyeupe za mia. Kitabu na kalamu themanini. Mwisho, vibegi viwili vya kitambaa kwa mia moja, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017 na hutaki kutembea mtaani na viatu vya watu mkononi kama umeviokota. Bei hubadilika mji kwa mji, lakini uko hapo karibu.

Siku ya kwanza hakufua kiatu cha mteja. Alienda kwa keateka.

Nataka tukae hapa kidogo kwa sababu watu hupaharibu hapa, na kuharibu hapa kunaweza kukuumiza vibaya. Mgeni anayezunguka kwenye ploti akigonga milango, akiuliza kama kuna viatu, na macho yake yakiangalia viatu vilivyo nje, kwa kila mtu anayemwona anafanana na mwizi. Viatu ni vitu vinaibwa sana kwenye korido. Mtu mmoja akipiga nduru hapo hutapata nafasi ya kueleza kwamba wewe ni mfanyabiashara. Kwa hiyo kabla ya mlango wowote, keateka akujue: jina, unaishi wapi, namba yako, nakala ya kitambulisho ukiwa nayo. Mwambie unataka kufanya nini na siku gani. Akikataa, ondoka, kuna ploti nyingine. Ukiwa dada, ushauri wangu ni usiingie korido kabisa mwezi wa kwanza. Pokelea kwenye geti ama kwa duka. Na ukiwa kaka, hata ukikaribishwa ndani usivuke mlango. Ngoja hapo nje. Mtu akipoteza chaja wiki ijayo, hutaki kuwa kwenye orodha ya walioingia.

Watu wengine humfulia keateka viatu vya bure ili awape ruhusa. Sipendi. Akikuruhusu kwa sababu ya zawadi atataka zawadi kila mwezi, na wapangaji wataona ni mpango wenu. Huyu jirani alimfulia keateka kwa bei ya kawaida, akamlipa kawaida. Ilichukua siku nne kabla keateka aseme sawa.

Pili, alitafuta mahali ambapo hahami. Mgeni asiye na duka ana shida moja kubwa: mteja akikuachia kiatu na usirudi, atakutafuta wapi? Hilo ndilo linamzuia, kuliko bei, kuliko hata hofu ya kiatu kuharibika. Kwa hiyo unahitaji mtu mwenye mizizi pale ambaye atakuwa anwani yako. Kwake ilikuwa mama wa duka la kona anayeuza maziwa na mkate. Alimwomba kitu kimoja tu: kwamba mteja akipenda anaweza kuacha kiatu pale na kukichukua pale, na kwa kila pea inayopita mama apate shilingi kumi. Kumi ni kidogo, lakini ilimfanya mama awe na sababu ya kutaja jina lake. Na mteja akisikia "huyo kijana wa viatu? huacha hapa kwangu," tayari nusu ya hofu imeisha. Anaamini duka, na wewe umeegemea duka.

Lakini mama pia alikuwa anahatarisha kitu, jina lake. Hakukubali siku ya kwanza. Alikubali baada ya kuona kiatu.

Hiki ndicho kitu chenye akili zaidi nilichoona akifanya. Alichukua raba zake mwenyewe, zile nyeupe zilizokuwa zimegeuka rangi ya chai, akafua kimoja tu. Kingine akakiacha na uchafu wake wote. Akavifunga pamoja kwa kamba akaviangika kando ya dirisha la duka. Hakuandika kitu. Watu walikuwa wanasimama kununua maziwa wanaangalia, wanauliza hiki ni nini. Ukitundika viwili visafi, mtu anaweza kusema ni vipya. Ukiweka picha ya kabla na baada kwenye stetasi, anaweza kusema umeitoa mtandaoni. Lakini kimoja kisafi na kimoja kichafu, vya pea moja, vimetoboka mahali pamoja, hapo hakuna maneno.

Tuje kwa kazi yenyewe, kwa sababu imani ya viatu inajengwa na viatu.

Ukipokea pea, toa kamba, toa soli ya ndani, na piga brashi kavu kwanza. Wengi wanaruka hapa wanaingiza kiatu kwenye maji na matope yake, halafu matope yanaingia kwenye kitambaa na hayatoki. Ukimaliza brashi kavu, tumia maji ya uvuguvugu kidogo na sabuni kidogo. Usiloweke usiku kucha. Kiatu kimeshikwa na gundi, na gundi ikikaa kwenye maji inaachia. Hutaona siku hiyo, utaona mteja akirudi baada ya wiki na soli inacheka. Sehemu ya chini ya mpira, ile nyeupe, inataka kolgeti na brashi ya meno. Sehemu ya juu inataka brashi laini.

Usiguse Jik. Najua kila mtu ana shangazi anayeapa nayo. Kwenye kitambaa cheupe cha raba nyingi Jik inaacha unjano baada ya kukauka, na huo hautoki tena. Hata sabuni ya kawaida, usipoisuuza vizuri halafu uanike juani, inaacha madoa ya njano. Kwa hiyo suuza hadi maji yatoke bila povu, kausha na taulo, halafu zungushia tishu nyeupe kote kwenye kiatu kikiwa bado na unyevu. Tishu inavuta maji ya uchafu yakielekea nje, na ule unjano unabaki kwenye tishu badala ya kubaki kwenye kiatu. Anika kivulini, mahali penye upepo, kisigino kikiwa juu. Jua kali linaharibu rangi na gundi.

Kazi ya mikono kwa pea moja ni kama dakika arobaini. Kukauka ni siku moja kukiwa na upepo, mbili kukiwa na mawingu.

Halafu kuna viatu vya kukataa, na hapa mgeni anapimwa kuliko mahali pengine popote. Kataa swedi, ile ngozi yenye manyoya mafupi, hadi ujue kuisafisha bila maji. Kataa kiatu ambacho soli tayari imeanza kuachia, ama mwambie mwenyewe aipeleke kwa fundi kwanza. Kataa kitu cha bei ambayo huwezi kulipa kikiharibika. Najua una njaa na umengoja mteja siku mbili. Lakini ukiwa mgeni, kiatu kimoja kilichoharibika kinasikika kuliko ishirini vilivyong'aa. Na kuna kitu nimegundua: mtu ukimwambia "hiki siwezi, kitaharibika," anashangaa, halafu anakupa zile pea nyingine mbili bila wasiwasi.

Huyu jirani alikubali swedi wiki ya pili. Buti za kahawia za dada mmoja wa ghorofa ya juu. Alizipitisha na maji, zikakauka ngumu na mabaka mabaka. Alienda nazo mlangoni kabla dada hajaanza kumtafuta, akamwonyesha, akamwuliza alizinunua pesa ngapi. Mia nane, mitumba. Alimlipa mia nne siku hiyo na mia nne Jumamosi iliyofuata. Hiyo ilikula sehemu kubwa ya faida ya wiki mbili. Ningependa kukuambia dada alivutiwa akaleta wateja kumi. Hakuleta. Alinuna, na alikaa mwezi mzima kabla ya kutoa raba nyingine. Lakini hakumsema vibaya kwenye ile ploti, na kwa mgeni kutosemwa vibaya ni mtaji.

Ndiyo maana kitabu ni muhimu kuliko brashi. Kila pea iandikwe: tarehe, jina, mlango, aina na rangi, kasoro zilizopo, bei, siku ya kurudisha. Na kabla ya kuondoka na kiatu, piga picha nne mbele ya mwenyewe, juu, chini na pande zote mbili, umtumie hapo hapo kwa WhatsApp. Watu hudhani picha ni ya kujilinda wewe tu. Inamlinda pia yeye, kwa sababu sasa ana ushahidi kwenye simu yake kwamba umechukua kiatu chake, saa ngapi, na namba yako ni gani. Ukimtumia bila kuombwa, unamwambia huna mpango wa kupotea. Baadaye akisema "hapa hapakuwa pameraruka," mnaangalia picha pamoja bila kelele.

Sasa pesa. Wateja wa kwanza walipe baada ya kuona kiatu kisafi. Wote. Usiombe hata hamsini ya sabuni. Hii inauma, lakini ndio mkataba mzima: yeye ametoa kiatu kwanza, wewe umetoa kazi kwanza, hakuna aliyetoa pesa kabla ya kuona. Ukishakuwa na wateja wa kurudi, mambo yanabadilika yenyewe na wengine watakulipa mapema ili wasisumbuke.

Na jina linalotokea kwenye M-Pesa liwe jina lako. Watu wengi waliohama wanatumia laini ya kaka, ya mama, ama ya yule aliyewapokea. Mteja anajaribu kutuma, jina linatokea la mtu mwingine kabisa, anasimama. "Hii ni namba ya nani?" Hapo imani ya wiki mbili imetoboka kwa sekunde tatu. Piga `*106#` uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na kama hiyo unayotumia haimo, irekebishe kabla ya kupokea shilingi ya kwanza. Pia jitambulishe mtaani kwa jina ambalo limeandikwa pale. Ukijiita Kevo wa Viatu na M-Pesa inasema Geofrey, mwambie mapema. Ukitaka kutenganisha pesa za kazi na zako za unga, fungua Pochi la Biashara kwa `*334#` kwenye laini hiyo hiyo.

Upande wa pili, wewe pia umepewa watu usiowajua. Kuna anayekuonyesha meseji ya M-Pesa kwenye simu yake, imeandikwa vizuri kabisa, na kwako hakuna kitu. Kuna anayekutumia meseji ya kujitungia kutoka namba ya kawaida. Usisome meseji yao, angalia salio lako. Ukiangalia salio mbele ya kila mtu, hakuna atakayeona umemshuku yeye binafsi.

Deni nalo litakuja, na litakuja mapema. Watu wa kwanza kukukimbilia ukiwa mgeni ni wale waliokosana na wenyeji. Yule aliyekopa kwa duka hadi akafungiwa, akisikia kuna kijana mpya wa viatu ana furaha sana. Utamjua: anatoa pea nyingi mara ya kwanza, habishani bei, na siku ya kulipa anasema "nitakutumia kesho." Usizuie viatu vyake. Ukizuia, wewe mgeni umeshika mali ya mwenyeji, na mtaa hautauliza nani alianza. Mpe viatu, andika deni, na usichukue pea nyingine kwake hadi alipe. Kwa hiyo mteja mpya yeyote, pea moja tu mara ya kwanza. Hata akikuomba uchukue tano. Mwambie anza na moja uone kazi. Inaonekana kama heshima kwake, na ni heshima kweli, lakini pia hasara yako kubwa inabaki soo moja.

Hesabu ya mwezi wa kwanza wa jirani yangu ilikuwa hivi. Wiki ya kwanza pea 5, ya pili 9, ya tatu 14, ya nne 22. Jumla 50. Kati ya hizo 35 zilikuwa raba za kawaida kwa mia moja, yaani 3,500, na 15 zilikuwa nyeupe kwa mia na hamsini, yaani 2,250. Jumla 5,750. Toa sabuni, maji ya mtungi na tishu, kama shilingi 15 kwa pea, yaani 750. Zinabaki 5,000. Kumi za mama wa duka zilikuwa kwa pea 20, toa 200. Zinabaki 4,800. Toa zile mia nane za swedi. Elfu nne.

Hiyo hailipi nyumba na chakula. Mtu akikuambia mwezi wa kwanza wa biashara yoyote kwa mji mgeni utalipa nyumba, muulize anauza kozi ya shilingi ngapi. Huyu alikuwa anabeba mawe kwa mjengo asubuhi na kufua viatu jioni, na nafikiri hivyo ndivyo inavyofaa. Kazi ya kibarua inakulisha wakati hii nyingine inakutambulisha. Ukiitegemea peke yake utaanza kuchukua swedi kwa sababu ya njaa.

Lakini angalia zile wiki tena. Hakubandika tangazo, hakulipia mtu, hakuwa na peji. Nne kati ya zile tano za kwanza zilitoka mlango wa keateka na majirani zake wawili. Wiki ya nne, zaidi ya nusu walikuwa watu wanaorudi ama waliotumwa na mtu. Na mwezi wa pili kikaja kitu ambacho hakukipanga: watu walianza kumpa vitu vingine. Mama wa ghorofa ya kwanza alimwuliza kama anaweza kufua kapeti. Mwingine alimtuma achukue mtungi wa gesi. Mwingine alimwachia ufunguo fundi wa maji aingie akiwa kazini. Ona njia ilivyopita, kutoka raba ya mia tatu hadi ufunguo wa nyumba, kwa wiki kama saba. Hangeweza kuomba ufunguo siku ya kwanza. Hakuna mtu angeweza.

Kapeti ndiyo imemlipa. Kwa kapeti moja anapata pesa ya pea nne tano, na mwenye kapeti ni mtu ambaye tayari ameona kazi yake kwenye miguu ya watoto wake. Kama angeanza na kapeti angekuwa bado anagonga milango.

Peji nayo ifunguliwe wakati huo, mwezi wa tatu hivi, na kazi yake iwe kuwakumbusha wanaokujua. Picha za viatu vya watu wa ploti, kwa ruhusa yao, na jina la mtaa. Mtu wa Free Area akiona picha atauliza rafiki yake wa 58, na huyo rafiki ndiye atakayeuza kazi yako. Kununua wafuasi elfu mbili wa nchi usizojua hakutakuletea pea hata moja kutoka ng'ambo ya barabara. Na ukifika mahali pa kukodi kibanda, hapo utahitaji kibali cha kaunti, na mama wa duka atakuwa amekuambia zamani ofisi iko wapi na foleni ni fupi siku gani.

Kitu cha mwisho ni mvua, kwa sababu inaua hii kazi na hakuna anayeisema. Kuanzia Machi hadi Mei, viatu havikauki. Siku moja inakuwa tatu, na kiatu kilichokaa na maji siku tatu kinanuka hata kikiwa cheupe kama maziwa. Msimu huo usiahidi kesho. Sema siku tatu, punguza idadi, badilisha tishu kila asubuhi, na jaza karatasi kavu za gazeti ndani ya kiatu, lakini si kwa raba nyeupe kwa sababu wino unatoka. Ukipata feni ya mitumba, iweke sakafuni ipulize viatu usiku, upepo wa kawaida bila joto. Jirani yangu alinunua yake Aprili kwa pesa za kapeti mbili, na ndiyo kitu pekee kwa chumba chake ambacho mwenzake haruhusiwi kuzima.